Albamu moja na kalenda moja kwa ukoo mzima: kuanzia Ngamiani hadi Maskati

Harusi ikishapita, picha zake hukaa kwenye simu za kila aliyekuwepo, na nusu yake hutupwa kwenye kundi la WhatsApp katikati ya salamu na matangazo. WhatsApp huibana picha ili iende haraka, na huiondolea taarifa za ndani, ikiwemo tarehe iliyopigwa. Ndiyo maana ukihifadhi leo picha ya mwaka juzi uliyotumiwa kwenye kundi, simu huipanga kama ya leo. Mwaka ukiisha, mtu amebadilisha simu, mwingine amefuta kundi kwa sababu nafasi imejaa, na bibi aliyeko Barabara ya 12 anauliza picha za mjukuu wake ziko wapi.

Mwongozo huu ni wa ukoo wa aina hiyo: wengine Tanga mjini, wengine Pangani na Muheza, mmoja Dar, na wachache Maskati. Tutatumia Google Photos kwa picha na Google Calendar kwa shughuli, kwa sababu zote mbili hufanya kazi kwenye Android na kwenye iPhone. Albamu ya pamoja ya iPhone ni nzuri, ila mwenye Android huishia kutazama tu kupitia kivinjari, na wenye Android kwetu ndio wengi.

Kuna mlango mmoja wa kuukwepa mapema. Google ina kitu kinachoitwa "Family group", na jina lake huwavutia watu. Kundi hilo hubeba watu 6 tu, na wote wanatakiwa kuwa nchi moja. Linafaa kwa baba, mama na watoto wa nyumba moja. Kwa ukoo wenye watu Maskati halifai, kwa hiyo liache.

Akaunti ya ukoo kwanza

Kabla ya picha yoyote, fungua akaunti mpya ya Gmail ambayo si ya mtu binafsi. Ipe jina la ukoo au la mji wenu. Akaunti hii ndiyo itakayomiliki albamu na kalenda. Sababu ni kwamba albamu ya Google Photos ina mwenyewe mmoja tu. Binamu akiianzisha kwa akaunti yake, siku akiifuta, au akipoteza akaunti, ukoo mzima umepoteza albamu.

Nenosiri lijulikane na watu wawili wanaoaminika wa nyumba tofauti. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe laini inayotumika kila siku, isiwe ile ya ziada inayokaa kwenye droo. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na msimbo wa uthibitisho utakuwa unakwenda kwenye laini ambayo si yenu tena. Weka pia barua pepe ya mtu wa pili kama njia ya akiba ya kurejea.

Akaunti mpya huja na nafasi ya GB 15 bila malipo, inayogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Ukichukulia picha moja ni MB 3, hizo ni picha kama 5,000. Kinachomaliza nafasi ni video. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, chagua "Storage saver" badala ya "Original quality": hupunguza picha hadi megapikseli 16 na video hadi 1080p, na kwa kutazama kwenye simu au kuchapisha picha ya ukutani ya kawaida hutaona tofauti. Kumbuka pia kwamba Google hufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2, kwa hiyo mmoja wa wale wawili awe anaingia mara kwa mara.

Kuitengeneza albamu

Ingia kwenye Google Photos ukiwa kwenye akaunti ya ukoo. Hakikisha kwa kutazama duara la picha ya akaunti juu kulia, kwa sababu simu nyingi zina akaunti mbili na ni rahisi kutengeneza kitu kwenye akaunti isiyo yake. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, majina ya vitufe yatakuwa ya Kiswahili, ila mahali pake ni palepale.

1. Bonyeza alama ya "+" juu, kisha "Album". Ipe jina linaloeleweka miaka kumi baadaye: "Harusi ya Ngamiani" halitoshi, kwa sababu harusi za Ngamiani haziishi. Weka mwaka na jina la bibi harusi.
2. Ongeza picha chache za kuanzia, kisha bonyeza "Share" uwaalike watu kwa barua pepe zao za Gmail.
3. Fungua nukta tatu, ingia "Options", uwashe "Collaborate". Bila hiyo wengine watatazama tu, hawataweza kuongeza zao.
4. Hapohapo utaona "Link sharing". Ikiwa imewashwa, yeyote mwenye linki anaona kila kitu, hata asiye ndugu, hata asiye na akaunti.

Kwa albamu ya kawaida ya ukoo, linki inasaidia: bibi asiye na akaunti hufunguliwa albamu na mjukuu kwenye kivinjari cha simu yake na kuangalia bila kuingia popote. Lakini linki ikibandikwa kwenye kundi la WhatsApp imeshatoka mikononi mwenu. Nashauri iwashwe kwa wiki ya harusi, watu waingie, halafu izimwe. Waliokwisha kujiunga kwa akaunti zao hubaki ndani. Atakayebaki nje ni yule anayetazama kwa linki tu, kwa hiyo bibi aunganishiwe akaunti kabla ya kuzima.

Waambie watu waongeze picha moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyozipiga, wasiongeze zile walizopokea WhatsApp. Picha iliyotoka kwenye simu yenyewe ina tarehe na saa yake, na ukipanga albamu kwa "Oldest first", singo itakaa kabla ya nikaha, na nikaha kabla ya walima, bila mtu kuzisogeza kwa mkono. Ukiona picha ya kupeleka posa imekaa mwisho wa albamu, baada ya watu kuosha vyombo, jua hiyo imepitia WhatsApp. Dawa yake ni kuirekebisha tarehe: anayeimiliki aifungue, avute juu, abonyeze tarehe, aandike ya kweli.

Picha inaendelea kuwa ya aliyeiweka

Hapa ndipo albamu nyingi za familia hufa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mjomba wa Pangani akiweka picha arobaini kwenye albamu, picha hizo hazihami kwake. Zinabaki kwenye akaunti yake, zinakula nafasi ya akaunti yake, na albamu inazionyesha tu. Simu yake ikijaa na akaingia Google Photos akazifuta, zinatoweka kwenye albamu ya kila mtu. Akiamua kujitoa kwenye albamu, picha alizoweka hutoka naye. Ninyi mkimtoa, vilevile. Hakuna anayepewa taarifa, na mtu hugundua baada ya miezi kwamba picha ya babu akimkabidhi binti haipo.

Mjomba hana kosa, kwa sababu alichotaka ni nafasi kwenye simu. Mfundishe kutumia "Free up space", iliyopo kwenye menyu ya akaunti ndani ya Google Photos. Hiyo huondoa nakala ya kwenye simu pekee, tena baada ya kuhakikisha kwamba nakala ya mtandaoni ipo. Albamu haiguswi. Tofauti ya vitendo hivi viwili mweleze akiwa na simu mkononi, kwa maandishi haikai.

Kinga ya pili iko kwenye akaunti ya ukoo. Kila baada ya shughuli, wiki moja au mbili zikipita na watu wamemaliza kuweka, mwenye nenosiri aingie kwa akaunti ya ukoo, afungue albamu na ahifadhi picha za wengine kwenye maktaba ya akaunti hiyo. Kitufe chake ni alama ya wingu lenye mshale. Hapo akaunti ya ukoo inakuwa na nakala yake yenyewe, inayohesabiwa kwenye zile GB 15. Mjomba akifuta, ya kwake itatoweka kwenye albamu, lakini nakala ya ukoo ipo, na unairudisha kwenye albamu kwa kugusa mara mbili tatu. Usihifadhi kila kitu. Video tano za watu wale wale wakicheza zinatosha kuwa moja.

Na picha ikifutwa kwa bahati mbaya, msikate tamaa siku hiyohiyo. Iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye "Trash" ya aliyeifuta kwa siku 60. Mpigie mjomba, aingie humo, airejeshe.

Ya wanawake ikae peke yake

Picha za singo na za kesha la wanawake zisichanganywe na za nikaha. Dada aliyevua mtandio kwa sababu ukumbini hamna wanaume hajakubali kutazamwa na kila mwenye linki. Tengeneza albamu ya pili, "Link sharing" iwe imezimwa tangu mwanzo, na waalikwe wanawake kwa akaunti zao mmoja mmoja. Msimamizi wake awe mwanamke, na akaunti iwe yake au nyingine ya wanawake, kwa sababu mwenye nenosiri la akaunti ya ukoo anaona kila kilichomo. Kabla ya shughuli, mwenye nyumba atangaze picha za humo zinakwenda albamu ipi. Likisemwa mapema hakuna anayelalamika.

Picha za bibi zilizo kwenye bahasha

Ukoo ukishazoea albamu, picha za karatasi nazo zitaanza kutolewa. Zipige mchana karibu na dirisha, bila mmweko, picha ikiwa imelala mezani na simu imeshikwa sawa juu yake, isiinamie upande mmoja. Itoe kwenye plastiki ya albamu kama inatoka bila kuchanika. Kama imegandamana, iache humohumo. Programu ya Google inayoitwa PhotoScan hupunguza mng'ao kwa kupiga picha ileile mara kadhaa na kuziunganisha.

Simu itaipa tarehe ya leo. Irekebishe kabla ya kuiingiza kwenye albamu. Kama bibi anakumbuka tu kwamba ni kabla ya mama yenu kuanza shule, weka mwaka wa kukadiria. Kisha, akiwa bado amekaa nawe, andika majina kwenye maoni chini ya picha: kutoka kushoto, nani mtoto wa nani, na ilipigwa mtaa gani. Maoni yanaonekana na wote kwenye albamu, na shangazi wa Muheza atasahihisha akiona mdogo wake ameitwa jina la mwingine.

Sasa kalenda

Kalenda itengenezwe kwenye kompyuta, hata ya kukodi kwa nusu saa, maana mipangilio ya kushirikisha huonekana yote pale. Ingia calendar.google.com kwa akaunti ya ukoo. Upande wa kushoto, kwenye "Other calendars", bonyeza "+", kisha "Create new calendar". Ipe jina, na kwenye saa za eneo chagua Dar es Salaam. Baada ya hapo fungua mipangilio ya kalenda hiyo, shuka hadi "Share with specific people or groups", uwaongeze watu.

Kila mtu unamchagulia ruhusa. Wengi wape "See all event details", yaani waone kila kitu bila kubadili. Wachache, mmoja kila mji, wape "Make changes to events". Sikushauri uwape wote, kwa sababu tukio likifutwa na mwenye ruhusa hiyo linafutika kwa kila mtu, na mtu mzima asiyezoea hudhani anaondoa kwenye simu yake tu. Likitokea hilo, kwenye kompyuta kuna "Trash" ya kalenda inayotunza matukio kwa siku 30. Sehemu ya kuifanya kalenda iwe ya umma usiiguse kabisa: kalenda inayoonyesha siku ambayo nyumba nzima iko ukumbini si ya kuonyesha mji.

Sasa tuweke harusi yetu. Nikaha ni Ijumaa saa 10:30 jioni, baada ya Alasiri, msikitini Ngamiani. Simu haijui saa kumi na nusu ya jioni. Ukijaza 10:30 itaielewa saa nne na nusu asubuhi, na ndugu wa Pangani watafika msikitini kabla hata ya sala ya Ijumaa. Kwa mfumo wa saa 24, hesabu ni hii: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongeza 18. Basi saa 10:30 jioni inajazwa 16:30, na walima wa saa 2 usiku unajazwa 20:00. Kwenye jina la tukio andika pia kwa maneno: "Nikaha, saa 10:30 jioni za Tanga". Msomaji akiona 16:30 pembeni na maneno hayo, kosa likiwepo atalishtukia.

Neno "za Tanga" lina kazi yake. Maskati wako saa moja mbele yetu. Kalenda inajua hilo, na kwenye simu ya binamu aliye huko nikaha itaonekana 17:30, ambayo ni sahihi kwake kama anataka kuifuata kwa simu ya video. Tatizo huja yeye anapoingiza tukio. Akiwa Maskati akaandika 16:30, kalenda huichukua kuwa 16:30 ya Maskati, na huku Tanga itaonekana 15:30. Ukiona tukio limewahi kwa saa moja kamili, angalia nani aliliandika. Dawa ni kwamba anapoandika shughuli ya huku, ndani ya tukio afungue "Time zone" achague Dar es Salaam.

Jingine ni usiku. Bibi akisema kesha ni "usiku wa Ijumaa", ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa kalenda ya simu hiyo ni Alhamisi. Kijana atalijaza Ijumaa na kesha litakuwa limepita. Kila shughuli ya usiku, mwulize aliyeitaja: kesho yake asubuhi ni siku gani? Kisha jaza siku iliyotangulia, na kwenye jina uandike "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Siku ya kuzaliwa iwekwe ijirudie kila mwaka. Idi, Maulidi ya Mfungo Sita na hitma ya mwaka inayofuata mwezi wa Kiislamu zisiwekwe hivyo, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 na tukio litakuwa linakwenda kombo kila mwaka. Ziandike upya kila mwaka, kama tukio la siku nzima, na kwenye Idi uongeze "mwezi ukionekana". Mwezi ukiandama tofauti na ulivyoandika, mmoja wa wenye ruhusa alisogeze usiku uleule.

Shangazi anasema haioni

Hili litatokea, na mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu. Ya kwanza: hajafungua barua pepe ya mwaliko. Kumshirikisha mtu hakuiweki kalenda kwenye simu yake hadi abonyeze "Add this calendar" ndani ya barua hiyo, na barua mara nyingine huwa imelala kwenye "Spam". Ya pili: ameikubali kwa akaunti moja lakini programu ya kalenda kwenye simu yake inaonyesha nyingine. Ya tatu: ipo, ila haijatiwa tiki. Afungue mistari mitatu juu kushoto, ashuke hadi jina la kalenda ya ukoo, aweke tiki; ikiwa bado haioni, aingie "Settings", aguse jina la kalenda hiyo na awashe "Sync".

Akishaiona, kabla hujamrudishia simu, ingia kwenye mipangilio ya kalenda hiyo umwekee kengele. Kengele ulizoweka wewe hazimfikii. Kila mtu huweka zake. Kwa shughuli za mjini, siku moja kabla na saa mbili kabla zinatosha. Kwa anayetoka Pangani au Muheza, ongeza ya siku tatu kabla, apate kupanga usafiri na kumwachia mtu nyumba.